Kokoto 50 za Busisi: Kufundisha Hesabu za Ubia

Swali la hesabu za ubia huwashinda wanachuo wengi, wala si kwa sababu lina hesabu ngumu. Hesabu zake hazipiti kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kutafuta asilimia, mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyafundisha kila siku. Kinachowashinda ni utaratibu. Hawajui kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na hasa hawajui ni wakati gani fedha imetoka nje ya biashara na ni wakati gani imehama tu kutoka mkono mmoja wa wabia kwenda mkono mwingine. Mwanachuo asiyeijua tofauti hiyo hukariri kanuni zote na bado akakosa jibu.

Kwa sababu hiyo, nilipofundisha somo hili niliacha kuanzia ubaoni. Nilianza na kokoto 50 juu ya meza na mfano mmoja wa Busisi, mahali ambapo wanachuo wa kanda ya Ziwa wanapafahamu vizuri. Katika makala hii nitaeleza mfano huo hatua kwa hatua, kisha nitaonyesha mahali ambapo kanuni ya mtihani inakoma na akili ya mfanyabiashara inaanza.

Wabia wawili na mapatano yao

Busisi ipo katika Wilaya ya Sengerema, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, ikitazamana na Kigongo iliyo ng'ambo katika Wilaya ya Misungwi. Kwa miaka mingi msafiri wa kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita alivuka hapo kwa kivuko, na aliyekikosa hakuwa na budi kungoja kingine. Anayengoja huona njaa. Hapo ndipo biashara ya chakula inapopata wateja.

Basi tuchukue mfano wa darasani wa wabia wawili wenye mgahawa karibu na kivuko. Wa kwanza tumwite Mwenye Banda. Ameingiza katika ubia banda lake pamoja na meza na viti, vyote vikithaminiwa Sh. 6,000,000/=. Wa pili tumwite Mpishi. Ameingiza masufuria, majiko na fedha taslimu, jumla Sh. 2,000,000/=. Kila siku Mpishi yupo jikoni tangu alfajiri, akipika ugali, sato na dagaa. Mwenye Banda ana shughuli zake nyingine na hupita jioni kutazama.

Kabla ya kugusa hesabu yoyote, niliwauliza wanachuo swali hili: ikiwa watu hawa hawakupatana lolote, faida yao itagawanywaje? Wengi hujibu kwamba itagawanywa kwa kadiri ya mitaji, yaani sehemu tatu kwa moja. Jibu hilo lina sura ya haki, lakini silo jibu la sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ndiyo yenye masharti ya ubia nchini Tanzania, wabia wasiokuwa na mapatano mengine hugawana faida sawasawa, na hasara kadhalika. Hakuna riba juu ya mtaji, wala hakuna ujira kwa mbia anayefanya kazi. Mtahini hupenda sana kuutumia ukimya huu. Huandika swali lisilotaja mapatano, akamngoja mwanachuo agawe kwa uwiano wa mitaji.

Lakini wabia wetu walipatana, na mapatano yao yaliandikwa. Walikubaliana mambo manne. Kwanza, kila mbia apewe riba ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya mtaji wake. Pili, Mpishi apewe ujira wa Sh. 1,200,000/= kwa mwaka kwa kazi yake. Tatu, mbia anayechukua fedha za matumizi yake binafsi kabla ya mwisho wa mwaka atozwe riba ya asilimia 10 kwa mwaka kwa muda uliobaki. Nne, faida inayobaki baada ya hayo igawanywe nusu kwa nusu.

Yafaa wanachuo waone kwamba kila kipengele kinajibu malalamiko fulani. Bila riba ya mtaji, Mwenye Banda angesema, "Mimi nimeweka mara tatu ya mwenzangu, mbona tunapata sawa?" Bila ujira, Mpishi angesema, "Mimi ndiye ninayeungua moshi." Na bila riba juu ya fedha zinazochukuliwa, mwenye kuchukua mapema angefaidi kuliko mwenye kuvumilia. Kwa hiyo, mwanachuo akisahau kanuni, na ayakumbuke malalamiko; kanuni itarudi yenyewe.

Riba ya fedha zilizochukuliwa

Katika mwaka 2024 Mwenye Banda alichukua Sh. 600,000/= kwa mara moja, tarehe 1 Julai. Mpishi naye alichukua Sh. 50,000/= kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo jumla yake kwa mwaka ni Sh. 600,000/= vilevile. Jumla ni sawa, lakini riba si sawa, kwa sababu riba hupima fedha pamoja na muda.

Fedha ya Mwenye Banda ilikuwa nje ya biashara kwa miezi 6 hadi mwisho wa mwaka. Riba ya mwaka mzima ingekuwa Sh. 60,000/=; ya nusu mwaka ni Sh. 30,000/=.

Kwa Mpishi, fedha aliyochukua mwisho wa Januari ilikaa nje miezi 11, ya Februari miezi 10, na kuendelea hivyo hadi ile ya mwisho wa Desemba ambayo haikukaa nje hata siku moja. Mwanachuo mwenye subira anaweza kukokotoa mara 12. Lakini kwa kuwa kiasi ni kilekile kila mwezi, yatosha kutafuta wastani wa muda. Kati ya miezi 11 na sifuri, wastani ni miezi mitano na nusu. Riba yake basi ni Sh. 600,000/= kwa asilimia 10 kwa miezi 5.5 katika 12, yaani Sh. 27,500/=.

Hapa mtahini ana mtego wake wa pili. Akiandika kwamba fedha zilichukuliwa mwanzo wa kila mwezi, ile ya Januari imekaa nje miezi 12 na ya Desemba mwezi 1, na wastani huwa miezi sita na nusu. Akiandika katikati ya mwezi, wastani ni miezi 6. Neno moja katika swali hubadili jibu, nami niliwataka wanachuo walipigie mstari neno hilo kabla hawajashika kalamu ya kukokotoa.

Kokoto 50

Hesabu ya mapato na matumizi ya mgahawa kwa mwaka 2024 ilionyesha faida halisi ya Sh. 4,942,500/=. Kwa kuwa wabia wanadaiwa riba ya Sh. 30,000/= na Sh. 27,500/=, kiasi hicho, jumla Sh. 57,500/=, huongezwa kwenye faida. Cha kugawanywa basi ni Sh. 5,000,000/= kamili.

Hapa ndipo nilipomwaga kokoto 50 mezani, kila moja ikisimama mahali pa Sh. 100,000/=. Wanachuo wawili walikaa pande mbili za meza, mmoja akiwa Mwenye Banda na mwingine Mpishi. Mwanachuo wa tatu alikuwa mgawaji, na alifuata mapatano kama yalivyoandikwa. Kwa riba ya mtaji alimpa Mwenye Banda kokoto 6, kwa sababu asilimia 10 ya Sh. 6,000,000/= ni Sh. 600,000/=, naye Mpishi akampa kokoto 2. Kwa ujira alimpa Mpishi kokoto 12. Katikati zikabaki kokoto 30. Hizo aligawa nusu kwa nusu, 15 huku na 15 kule. Mwishoni Mwenye Banda alikuwa na kokoto 21, Mpishi 29.

Kisha niliwauliza darasa zima: ni kokoto ngapi zimetoka nje ya meza? Hakuna hata moja. Jibu hilo ndilo kiini cha somo. Riba ya mtaji na ujira wa mbia si gharama za biashara. Ni njia za kugawana faida. Kwa hiyo haziandikwi katika hesabu ya mapato na matumizi pamoja na mkaa, unga na mshahara wa mwosha vyombo. Zinaandikwa katika hesabu ya mgawanyo wa faida, ambayo huanza pale ambapo ile ya kwanza imekwisha.

Nilizoea kuongeza swali la kupima. Je, kama Mwenye Banda asingeliingiza banda katika ubia kama mtaji, bali angelipangisha kwa ubia kwa kodi ya kila mwezi, kodi hiyo ingeandikwa wapi? Hiyo ni gharama, kwa sababu hapo anapokea kama mwenye nyumba wala si kama mbia, na ingelipwa hata kama nyumba ni ya mtu mwingine. Kadhalika riba ya mkopo ambao mbia ameikopesha biashara, mbali na mtaji wake, ni gharama. Inatolewa kabla ya kokoto kumwagwa mezani. Mwanachuo anayeweza kueleza kwa nini kodi ni gharama na riba ya mtaji siyo, huyo ameelewa. Mengine ni mazoezi tu.

Baada ya kokoto twaweza kwenda ubaoni. Kila mbia ana hesabu mbili. Moja ni ya mtaji, ambayo haiguswi ila kwa jambo kubwa kama kuongeza mtaji au kuingia kwa mbia mpya. Nyingine ni ya mapato na matumizi yake ya kila mwaka, ambayo kwa kifupi tuiite hesabu ya mbia. Hesabu ya Mwenye Banda inapokea riba Sh. 600,000/= na gawio Sh. 1,500,000/=, jumla Sh. 2,100,000/=. Inatolewa Sh. 600,000/= alizochukua na riba yake Sh. 30,000/=. Salio ni Sh. 1,470,000/=. Hesabu ya Mpishi inapokea riba Sh. 200,000/=, ujira Sh. 1,200,000/= na gawio Sh. 1,500,000/=, jumla Sh. 2,900,000/=. Inatolewa Sh. 600,000/= na riba Sh. 27,500/=. Salio ni Sh. 2,272,500/=.

Mwanachuo atajuaje kwamba hakukosea? Na ajumlishe masalio mawili: Sh. 3,742,500/=. Kisha achukue faida halisi, Sh. 4,942,500/=, atoe fedha zote zilizochukuliwa, Sh. 1,200,000/=. Anapata Sh. 3,742,500/=. Yanalingana. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu ileile ya kokoto: riba na ujira vimezunguka miongoni mwa wabia, na kilichotoka mezani ni fedha zilizochukuliwa tu. Yasipolingana, mara nyingi mwanachuo amesahau kuongeza riba ya fedha zilizochukuliwa kwenye faida, au ameitoa upande mmoja bila kuipeleka upande wa pili.

Mwaka mbaya

Mfano wenye faida nono huficha jambo moja. Tuseme katika mwaka mwingine hakuna aliyechukua fedha, na faida yote ni Sh. 1,400,000/= tu. Mezani kuna kokoto 14, lakini mapatano yanadai 8 za riba na 12 za ujira, jumla 20. Wanachuo wengi husimama hapa. Wengine hugawa kokoto 14 kwa makisio, wengine huandika kwamba ujira haulipwi.

Kama mapatano hayakusema vingine, utaratibu haubadiliki. Kila mmoja anaandikiwa haki yake: Mwenye Banda 6, Mpishi 14. Upungufu ni kokoto 6, nao ni hasara ya kugawanywa kwa uwiano wa faida, nusu kwa nusu. Kila mmoja anarudisha 3. Mwenye Banda anabaki na 3, Mpishi na 11, na jumla ni 14 kama zilivyokuwa. Mwanachuo aliyekwisha kuona kokoto zikirudishwa mezani hashangai tena anapoona neno "hasara" mwishoni mwa hesabu ya biashara iliyopata faida. Biashara haikupata hasara. Ahadi za wabia ndizo zilizokuwa kubwa kuliko kilichopatikana.

Mbia mpya anapobisha hodi

Sasa tuje kwenye sehemu inayoogopwa kuliko zote. Tarehe 1 Januari 2025 mtu wa tatu, tumwite Mvuvi, anataka kuingia. Ataleta Sh. 4,000,000/= taslimu, na watatu hao watagawana faida sawasawa, theluthi kwa theluthi. Sharti la kwanza ni la kisheria: hawezi kuingia bila ridhaa ya wabia wote waliopo. Mwenye Banda peke yake hawezi kumleta.

Sharti la pili ni la kihesabu. Kabla mgeni hajakaa, wenyeji hawana budi kufunga hesabu zao. Mali zote huthaminiwa upya, na ikionekana zimepanda au zimeshuka, faida hiyo au hasara hiyo ni ya wabia wa zamani peke yao, kwa uwiano wao wa zamani. Mgeni hahusiki na yaliyotokea kabla yake. Katika mfano wetu thamani zilionekana sawa na zilizomo vitabuni, kwa hiyo hatuna la kurekebisha.

Lakini kuna mali moja isiyomo vitabuni, nayo ni jina jema la biashara: ile hali ya wateja kuzoea kuja, inayofanya mgahawa huu upate zaidi kuliko mgahawa mpya wenye masufuria yaleyale. Wabia wa zamani wameijenga kwa miaka. Mvuvi akiingia na kuchukua theluthi ya faida bila kulipa chochote kwa ajili yake, atakuwa amepewa bure.

Mtihani kwa kawaida hutoa kanuni ya kuithamini. Tuseme kanuni ni wastani wa faida ya miaka mitatu iliyopita, mara mwaka mmoja. Faida zilikuwa Sh. 4,000,000/= mwaka 2022, Sh. 4,557,500/= mwaka 2023 na Sh. 4,942,500/= mwaka 2024. Jumla ni Sh. 13,500,000/=, na wastani ni Sh. 4,500,000/=. Hiyo ndiyo thamani ya jina jema.

Tunaiandika kwa hatua mbili. Kwanza tunawapa wenyewe kwa uwiano wa zamani: Mwenye Banda Sh. 2,250,000/= na Mpishi Sh. 2,250,000/=. Kisha, kwa kuwa hatutaki ibaki vitabuni, tunaifuta kwa kuwatoza wote watatu kwa uwiano mpya, Sh. 1,500,000/= kila mmoja. Matokeo ni kwamba mtaji wa Mwenye Banda unapanda kwa Sh. 750,000/= na kufika Sh. 6,750,000/=. Wa Mpishi unafika Sh. 2,750,000/=. Wa Mvuvi, aliyeleta Sh. 4,000,000/=, unabaki Sh. 2,500,000/=. Jumla ni Sh. 12,000,000/=, sawa na milioni 8 za zamani na milioni 4 mpya. Hakuna shilingi iliyozaliwa wala iliyopotea. Mvuvi amewalipa wenzake Sh. 1,500,000/= kwa theluthi ya jina walilolijenga.

Mwanachuo akichanganya uwiano, akagawa kwa theluthi mwanzoni na kufuta kwa nusu mwishoni, ataona jambo la ajabu: wenyeji watakuwa wanamlipa mgeni. Akiona hivyo ajue amegeuza hatua.

Mahali kanuni inapokoma

Kwa mtihani, hapo swali limekwisha na alama zote zimepatikana. Lakini mwalimu atakayekwenda kufundisha kando ya Ziwa ataulizwa na watu wazima maswali yasiyo na mtahini, na kikundi kikitaka kumpokea mwenzao mpya ataombwa aandike hesabu. Hapo ndipo nilipowataka wanachuo watazame dirishani.

Ujenzi wa daraja la kuunganisha Kigongo na Busisi uliwekewa jiwe la msingi mwaka 2019. Nguzo zilionekana majini miaka kadhaa kabla ya daraja kukamilika. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na msafiri akavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache bila kushuka kwenye gari. Aliyekuwa akingoja kivuko haingoji tena.

Sasa turudi kwa Mvuvi. Kanuni ilipima jina jema kwa faida ya miaka 2022 hadi 2024, miaka ya foleni ya kivuko. Mvuvi alinunua theluthi ya foleni hiyo mwezi Januari, nayo ikaondoka Juni. Hesabu yake haina kosa hata la shilingi moja, ila imejibu swali lisilo lake. Jina jema si malipo ya faida iliyokwisha patikana. Ni malipo ya faida inayotarajiwa kuendelea. Miaka iliyopita ni shahidi tu, na shahidi huyo hufaa iwapo mambo yanabaki kama yalivyokuwa.

Basi swali ambalo Mvuvi alipaswa kuliuliza kabla ya kutoa fedha ni hili: faida hii inatoka kwa nani? Tuseme daftari la mauzo linaonyesha kwamba katika kila sahani 5 zilizouzwa, 3 zilinunuliwa na wasafiri na 2 na wenyeji wa Busisi na wavuvi wa mwaloni. Wenyeji watabaki. Kwa makisio ya haraka, faida yenye kudumu ni sehemu mbili katika tano za Sh. 4,500,000/=, yaani Sh. 1,800,000/=. Theluthi yake ni Sh. 600,000/=, si Sh. 1,500,000/=. Tofauti ya Sh. 900,000/= ndiyo bei ya kutouliza.

Hata makisio hayo yanapaswa kushikwa kwa tahadhari. Faida haishuki kwa kadiri ileile ya mauzo, kwa sababu mwosha vyombo analipwa hata wateja wakipungua, na hivyo faida yaweza kushuka zaidi. Kwa upande mwingine, mgahawa waweza kuhamia kando ya barabara mpya. Kitabu cha hesabu hakiwezi kuamua mambo hayo. Kinachoweza ni kuwaonyesha wabia ni takwimu ipi inayosimama juu ya foleni na ipi inayosimama juu ya wenyeji, na hilo linahitaji daftari linalotenganisha wateja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye jumla tu hutoa habari iliyochelewa.

Zoezi

Kwa kufunga, wanachuo wafanye hesabu ya mgawanyo wa faida ya mwaka 2025 kwa wabia wote watatu. Mitaji ni ile mipya: Sh. 6,750,000/=, Sh. 2,750,000/= na Sh. 2,500,000/=. Riba ya mtaji ni asilimia 10, ujira wa Mpishi ni uleule, hakuna aliyechukua fedha, na kinachobaki hugawanywa sawasawa. Faida halisi imeshuka hadi Sh. 2,100,000/=.

Riba zote tatu zinafika Sh. 1,200,000/=, na pamoja na ujira madai ni Sh. 2,400,000/=. Upungufu ni Sh. 300,000/=, na kila mbia anabeba Sh. 100,000/=. Mwenye Banda anapata Sh. 575,000/=, Mpishi Sh. 1,375,000/= na Mvuvi Sh. 150,000/=; jumla ni Sh. 2,100,000/=. Baada ya kusahihisha, mwalimu awape wanachuo dakika kumi waandike barua fupi kwa Mvuvi, wamweleze ni kwa nini mtu aliyeleta Sh. 4,000,000/= amepata Sh. 150,000/= tu. Atakayeandika kwamba ni kwa sababu ya hasara ya Sh. 100,000/= peke yake arudishiwe barua. Mvuvi anahitaji pia kuelezwa kwamba riba yake ilipigwa juu ya Sh. 2,500,000/=, na zile Sh. 1,500,000/= zilikwenda wapi.